Ujumbe wa Kukataa Kazi Husomwa na Watu Wawili

Mwaka 2018 nilikataa kazi kwa ujumbe wa aya sita, na aliyeupokea hakujua kwamba nimekataa. Wakati huo nilikuwa afisa ugavi katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na dada mmoja, wakala wa ajira, alikuwa amehangaika nami kwa muda wa wiki tano hadi nikapata ofa katika kampuni ya ujenzi. Uamuzi wa kutokwenda nilikuwa nimeshaufikia. Ujumbe ule ninao hadi leo kwenye simu ya zamani, na sentensi iliyopaswa kubeba uamuzi wenyewe inasema: “Kwa kweli nimeifikiria sana nafasi hii, na kwa hali ilivyo sasa naona itakuwa vigumu kidogo kwangu kuhama, hasa nikizingatia kwamba mshahara wenyewe haujatofautiana sana na ninaopata hapa, ila nawashukuru sana, na Mungu akipenda tutafanya kazi pamoja.”

Mimi nilidhani nimesema hapana kwa adabu. Yeye alisoma kama ambavyo mtu yeyote wa kazi yake angesoma: huyu anataka kuongezwa. Alikwenda kwa mteja wake, akabishana naye kwa siku tatu, kisha akanipigia kwa furaha kunieleza kwamba wamekubali kuongeza shilingi 250,000 kwa mwezi. Ikanibidi nimkatae mara ya pili, na safari hii nikimkataa mtu ambaye alikuwa ametumia heshima yake kwa mteja ili kunitetea. Alinijibu kwa neno moja, “Sawa,” na hakunipigia tena. Sikumlaumu wakati ule, na sasa ninapoijua kazi yake vizuri zaidi sioni kabisa sababu ya kumlaumu.

Wengi wetu tukizungumza na wakala wa ajira humwona kama mtu anayetufanyia hisani, au kinyume chake, kama dalali anayetuuza, ilhali ukweli ni kwamba anamfanyia kazi mwajiri. Mwajiri ndiye anayemlipa, na kwa utaratibu ulio wa kawaida zaidi malipo hayo hayaji siku anapopeleka wasifu wako wala siku unapofanya usaili, bali pale mtu anaporipoti kazini. Mara nyingi makubaliano yao humtaka pia atafute mtu mwingine bila malipo mapya iwapo aliyeajiriwa ataondoka ndani ya miezi michache ya mwanzo. Kwa hiyo siku ofa inapokufikia wewe, yeye bado hajapata chochote, na mezani kwake kuna mtu wa pili, yule aliyekukaribia katika usaili, ambaye anaambiwa kila akiuliza kwamba taratibu bado zinakamilishwa. Mtu huyo wa pili naye ana maisha yake, na huenda ana ofa nyingine inayomsubiri.

Ukiitazama hali hiyo utaona kwamba jibu la hapana halimuumizi sana wakala, kwa sababu ni sehemu ya kazi yake na amelizoea. Kinachomuumiza ni hapana iliyochelewa, kwa kuwa humpotezea mtu wa pili, na hapana isiyoeleweka, kwa kuwa humpeleka kwa mteja na habari ambazo baadaye zitageuka kuwa si za kweli. Kuhusu wale wanaoingia mitini, yaani wanaoacha kupokea simu hadi muda wa ofa upite, sina la kueleza; hao hawakuandika ujumbe wowote wa kujadiliwa hapa.

Jambo nililolielewa kwa kuchelewa ni kwamba ujumbe wa kukataa husomwa na watu wawili. Wa kwanza ni wakala mwenyewe. Wa pili ni mteja wake, yule meneja aliyekufanyia usaili, ambaye ndani ya saa chache atamuuliza wakala, “Amesemaje?” Wakala atakuwa na njia mbili tu: ampelekee maneno yako kama yalivyo, au ayatafsiri kwa maneno yake. Ukiandika kitu kinachoweza kupelekwa bila kuguswa, umempunguzia mzigo na umejihakikishia kwamba mteja atasikia sauti yako. Ukiandika aya sita zenye kuzungukazunguka, wakala atalazimika kukusemea, na mtu anayesemewa hana uhakika wa alichosemewa.

Nafasi ya kujaribu upya niliipata Mei 2024. Wakala mwingine, mwanamke wa umri wangu ambaye tulikuwa tukiitana kaka na dada tangu simu ya kwanza, alinipatia nafasi ya Meneja Ugavi katika kampuni moja ya Mwanza. Barua ya ofa ilinifikia Alhamisi, tarehe 16, na ilinitaka nijibu kabla ya Jumatano iliyofuata, saa kumi jioni. Mshahara waliotaja ulikuwa shilingi 2,400,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakati huku nilipo nilikuwa napata 2,050,000.

Kabla ya kuandika neno lolote nilikaa na kikokotoo, kwa sababu nilijua kosa langu la 2018 lilianzia hapo: sikuwa nimejiuliza kama nakataa au ninataka kujadiliana. Tofauti ya 350,000 kwenye barua huonekana kubwa. Ukitoa asilimia 10 ya mchango wa mfanyakazi kwenda NSSF, kisha ukatoa kodi ya mshahara, ambayo kwa kiasi kinachozidi milioni moja kwa mwezi ni asilimia 30, katika ile 350,000 hubaki 220,500 tu. Yaani kutoka 1,463,500 ninazochukua nyumbani ningefika 1,684,000. Mke wangu anafundisha katika shule ya serikali hapa Dar es Salaam, na mtoto wetu mkubwa alikuwa Darasa la Saba, akiwa na mtihani wa taifa mwezi Septemba. Ningehama peke yangu, ningepanga chumba Mwanza na kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na kila nilipotaka kuiona familia ningesafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Zile 220,500 zingekuwa zimeisha kabla sijanunua chumvi.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haikutosha kunipa jibu, kwa kuwa hesabu hurekebishwa kwa kuongeza fedha. Niliendelea kujiuliza: je, wangeniambia milioni tatu, ningekwenda? Na milioni tatu na nusu? Nadhani hapa ndipo ilipo kazi yote, nayo hufanyika kabla hujagusa simu. Kama kuna kiasi ambacho ukitajiwa utafunga mabegi, basi hukatai, unajadiliana, na haki ya wakala ni kuambiwa hivyo waziwazi ili akakuombee kiasi hicho. Kama hakuna, basi mshahara si sababu yako, na hupaswi kuutaja hata kwa nusu sentensi, maana mshahara ndiyo sababu pekee ambayo mwajiri anaweza kuiondoa kwa simu moja. Kufikia Jumapili jioni nilikuwa na uhakika kwamba hata kwa milioni tatu na nusu nisingekwenda, kwa hiyo nikaanza kuandika.

Rasimu ya kwanza niliiandika mezani baada ya chakula, nikamsomea mke wangu. Nilikuwa nimeandika: “Familia yangu haiwezi kuhama mwaka huu.” Akaniuliza, huku akiendelea kusahihisha madaftari, “Na mwaka ujao tutahama?” Nikamwambia hapana. “Basi watakwambia uanze Januari,” akasema. Alikuwa sahihi kabisa. Mimi nilikuwa nafikiria mtihani wa Septemba, lakini mtihani ulikuwa sababu ya muda tu, ilhali kazi yake na maisha yetu ya hapa ndiyo yaliyokuwa sababu ya kudumu. Maneno mawili, “mwaka huu,” yangemfanya wakala aende kuomba tarehe ya kuanza isogezwe, na ningekuwa nimerudi palepale pa 2018. Niliyafuta.

Sikutuma usiku ule. Jumatatu saa tatu asubuhi nilimpigia kwanza, kwa sababu mtu aliyetumia wiki nyingi kukuhangaikia hastahili kupata habari hiyo kwa maandishi akiwa kwenye kikao au kwenye daladala. Ningeweza kungoja hadi Jumatano, kwani barua iliniruhusu, lakini siku hizo mbili hazikuwa na faida yoyote kwangu, wakati kwake zilikuwa tofauti kati ya kumpata mtu wa pili na kumkosa. Simu yenyewe haikumaliza dakika tano. Nilipomaliza salamu na kumweleza uamuzi wangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nimelipenda tangu siku hiyo: “Kaka, unaniambia hapana kabisa, au unaniambia bado?”

“Ni hapana kabisa, dada, na si suala la mshahara.”

“Sawa. Basi niandikie nimpelekee mteja.”

Dakika ishirini baadaye nilimtumia barua pepe hii, pamoja na ujumbe mfupi wa Watsapu kumjulisha kwamba imefika:

“Habari za asubuhi, dada. Kama nilivyokueleza kwa simu, nimeamua kutoikubali nafasi ya Meneja Ugavi, Mwanza, niliyopewa kwa barua ya tarehe 16 Mei. Familia yangu itaendelea kuishi Dar es Salaam, na kazi hii inahitaji mtu anayeishi Mwanza. Kwa hiyo uamuzi wangu hautokani na mshahara wala masharti mengine ya ofa. Naomba umfikishie meneja wa uendeshaji shukrani zangu kwa kunitembeza ghalani asubuhi nzima na kunieleza mpango wake wa kuweka hesabu ya vipuri vya matawi yote katika mfumo mmoja. Nawe nakushukuru kwa kunieleza tangu simu ya kwanza kwamba kazi hii haina posho ya nyumba; ulinisaidia kufanya hesabu zangu kwa ukweli. Ukipata nafasi ya ugavi Dar es Salaam au mkoa wa Pwani, nitafurahi ukinikumbuka. Wako.”

Uamuzi umekaa katika sentensi ya pili, mara tu baada ya salamu, na kitenzi chake ni “nimeamua,” si “naona itakuwa vigumu.” Sisi tumelelewa kutokatalia mtu usoni; tunasema “tutaona,” “Inshallah,” “ngoja nijipange,” na kati yetu tunaelewana vizuri kwamba maneno hayo mara nyingine humaanisha hapana. Lakini kuelewana huko hutegemea uso, sauti, na kujuana kwa muda mrefu, na vyote hivyo havisafiri ndani ya barua pepe inayopelekwa kwa meneja wa Mwanza aliyekuona mara moja. Adabu ya ujumbe huu imewekwa kwenye salamu na kwenye shukrani, na uamuzi umeachwa mtupu. Nimetaja pia cheo na tarehe ya barua, kwa sababu wakala huwa na nafasi nyingi anazoshughulikia kwa pamoja, na aliyepelekewa huenda atauweka ujumbe katika jalada.

Sababu ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Nilikuwa nayo zaidi ya moja. Iliyoandikwa ilikuwa ya kweli, tena ilikuwa ya aina ambayo hakuna anayeweza kuirekebisha na hakuna anayelaumiwa nayo. Meneja anaposoma kwamba familia ya mtu itabaki Dar es Salaam, hana la kubishana nalo wala la kujitetea. Angesoma kwamba mshahara haukunitosha, angekasirika au angeongeza. Angesoma kwamba nimepata kazi nzuri zaidi, angeuliza ni wapi na kwa kiasi gani.

Sababu ile nyingine sikuiweka kwenye maandishi. Wakati wa usaili mtu mmoja aliniambia, bila kuona kwamba amesema jambo zito, kwamba mara nyingine bidhaa hununuliwa kwanza na hati za kuagiza husainiwa baadaye. Kwa mtu wa ugavi, hiyo ni kengele. Ningekuwa nimeingia pale, saini iliyochelewa ingekuwa yangu, na siku ya ukaguzi ningekuwa mimi wa kujieleza. Je, ilinipasa kuiandika? Nilifikiria na nikaona hapana. Barua haitumiki kumkagua mtu aliyekukaribisha, na neno lililoandikwa huenda mahali ambapo hukulituma. Sababu moja ya kweli inatosha. Uaminifu haukulazimishi kuzitoa zote. Miezi miwili baadaye wakala aliponiuliza kwa simu kama kulikuwa na jambo jingine, kwa vile alikuwa na mteja yuleyule tena, nilimweleza kwa mdomo, na nadhani ilimfaa zaidi hivyo.

Uongo nao una gharama yake katika nchi ambayo fani zetu ni ndogo. Sisi wa ugavi tunasajiliwa na bodi moja, ile ya PSPTB, tunakutana kwenye mafunzo yaleyale, na aliyekufanyia usaili Mwanza leo atakuwa amekaa meza moja nawe Dodoma mwakani. Namfahamu mwenzetu mmoja aliyekataa kazi kwa kusingizia ugonjwa wa mama yake. Mama mwenyewe alikuwa mzima kabisa, na meneja aliyekataliwa, mtu mwema, alimpigia simu wiki mbili baadaye kumjulia hali mgonjwa. Sitaki kufikiria mazungumzo yale yalivyokuwa.

Kuhusu shukrani, jambo pekee ninalojali ni ziwe za kitu kilichotokea. “Nashukuru kwa muda wenu na fursa mliyonipa” ni maneno yanayoweza kubandikwa kwenye barua yoyote, na aliyeyasoma mara mia hayaoni tena. Mpango wa vipuri ulikuwa jambo ambalo yule meneja alilizungumzia kwa shauku, akinionyesha rafu ambazo namba zake zilikuwa bado zimeandikwa kwa chaki, na nilitaka ajue kwamba nilimsikiliza. Sentensi ya posho ya nyumba ilikuwa ya wakala peke yake, lakini niliiacha ndani ya barua ileile makusudi, kwa sababu ilimwonyesha mteja kwamba mtu wake hakunidanganya ili kunivuta. Sikusifu zaidi ya hapo. Barua ya kukataa inayoimwagia kampuni sifa kemkem humfanya msomaji ajiulize, kama tuko wazuri kiasi hicho, mbona haji?

Sentensi ya mwisho ilikuwa na aina ya kazi na mahali. “Tuwasiliane” halimsaidii wakala kwa lolote. “Ugavi, Dar es Salaam au Pwani” humpa kitu cha kuandika kwenye kumbukumbu zake. Na kuna kitu ambacho hakimo kwenye barua: jina la mtu wa kunirithi. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Sengerema, ambaye nafasi ile ingemfaa sana, na ningeweza kulibandika jina na namba yake pale chini nikajiona nimetenda wema. Lakini barua ile ilikuwa inakwenda kwa watu nisiowajua, na bosi wake hakujua kwamba anatafuta kazi. Nilimpigia kwanza, akaniomba siku moja afikirie, akakubali, na ndipo nilipompa wakala namba yake kwa simu. Hakuchukuliwa, kwa kuwa mtu wa pili alikuwa bado yupo, lakini jina lake liliingia katika daftari la wakala kwa ridhaa yake.

Majibu yalikuja saa sita mchana kwa Watsapu: “Asante kaka, nimempelekea kama ulivyoandika. Anampigia yule wa pili leo leo.” Nilijibu kwa maneno mawili na nikaishia hapo, kwa sababu kila sentensi unayoongeza baada ya hapana kueleweka hufungua mlango ambao umetoka kuufunga.

Mlango ulijaribiwa mara moja hata hivyo. Siku iliyofuata yule meneja wa Mwanza aliniandikia moja kwa moja, bila kumpitia wakala, akiuliza kama ningeweza kukaa wiki mbili Mwanza na wiki mbili Dar es Salaam kila mwezi. Huu ndio mtego ambao watu wengi huuingia bila kujua. Lau ningeanza kuzungumza naye pembeni, hata kwa nia njema, wakala angekuja kugundua kwamba mtu aliyemwambia hapana kabisa anaendelea kujadiliana na mteja wake nyuma ya mgongo wake, na kwake hilo lingekuwa na maana moja tu, kwamba tunataka kukwepa malipo yake. Nilimjibu meneja kwa sentensi tatu: kwamba namshukuru kwa kufikiria njia hiyo, kwamba jibu langu linabaki lilelile, na kwamba mawasiliano yote kuhusu nafasi hii nayafanya kupitia wakala, ambaye nimemtumia nakala. Na nakala nilimtumia kweli.

Yote niliyoyaeleza yanahusu mtu ambaye bado hajasaini. Aliyesaini yuko mahali pengine kisheria, na barua ya namna hii haimtoshi. Ofa ikishakubaliwa huwa makubaliano, na pale ajira inapokuwa imeanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ikiwa ni ndani ya mwezi wa kwanza, na isiyopungua siku 28 baada ya hapo kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wenyewe unaweza kutaka muda mrefu zaidi. Mtu aliyesaini na hajaanza ausome mkataba wake kabla ya kuandika chochote, apige simu siku hiyohiyo, na asitumie neno “nakataa,” kwa sababu hakatai tena. Anaomba kuachiliwa kutoka kwenye ahadi aliyokwisha kuitoa, na sauti ya kuomba ni tofauti na ya kukataa. Hapo sababu lazima iwe nzito, kwani mtu wa pili ameshaambiwa nafasi imejazwa. Tena, kama hujasaini lakini umeshasema kwa simu “nimekubali, nasubiri barua tu,” wakala huhesabu kwamba umekubali, na mimi namwunga mkono.

Pale ambapo hakuna wakala, na ofa imetoka moja kwa moja kwa idara ya rasilimali watu, barua hubadilika kidogo tu. Huanza na “Ndugu” badala ya dada, huelekezwa kwa aliyesaini ofa, na nakala hupelekwa kwa meneja aliyekufanyia usaili, kwa kuwa yeye ndiye atakayekukumbuka. Wa rasilimali watu ameandika ofa nyingi mwezi huo. Simu kwanza hubaki palepale.

Novemba ya mwaka uleule yule dada alinipigia. Niliona jina lake nikadhani amepata kazi ya Dar es Salaam, nikatoka nje ya ofisi ili nizungumze kwa nafasi. Kumbe alikuwa na kijana mmoja kwenye orodha yake fupi, ambaye aliwahi kufanya kazi ghalani chini yangu na aliyeniandika kuwa mdhamini wake, na alitaka kujua kama kijana huyo anaweza kuachiwa funguo za ghala la dawa. Tulizungumza nusu saa, nikamweleza mazuri na lile moja lililohitaji kuangaliwa, na kijana akaajiriwa. Kazi ya Dar es Salaam hajaniletea hadi leo, ingawa kila tunapozungumza huniuliza kama bado ni Dar es Salaam na Pwani tu, nami humjibu kwamba ni hapo hapo.